Kwa nini dawa nne za kifua kikuu, na ini likigoma ufanye nini

*Shikamoo daktari. Nasoma utabibu mwaka wa pili hapa Kigoma. Dawa za kifua kikuu zinanichanganya: kwa nini mgonjwa apewe nne kwa mpigo wakati kila moja peke yake inaua vimelea? Na madhara yake nimeyakariri mara tatu, kila nikifika kwenye mtihani nayabadilishana. Kuna namna ya kuyashika yasitoke?*

Marahaba. Tuanze na hesabu, maana mantiki yote ya dawa hizi inatoka hapo. Mgonjwa mwenye shimo kwenye pafu anaweza kubeba bakteria milioni 100 ndani ya shimo hilo moja. Wanapogawanyika, mara mojamoja hukosea kunakili vinasaba vyao, na baadhi ya makosa hayo huwafanya wasiguswe na dawa ambayo hata hawajawahi kukutana nayo. Kwa isoniazidi, kiwango kinachofundishwa ni bakteria mmoja katika kila milioni moja. Kwa rifampisini ni mmoja katika kila milioni 100. Maana yake, kabla mgonjwa hajameza kidonge hata kimoja, ndani ya shimo lake tayari wamo kama 100 wasiojali isoniazidi, na huenda mmoja asiyejali rifampisini.

Sasa mpe isoniazidi peke yake. Wiki za kwanza utafurahi: homa inashuka, kikohozi kinapoa, makohozi yanaonyesha vimelea wachache. Lakini wale 100 hawajaguswa. Wenzao wamekufa, nafasi na chakula vimebaki kwao, wanazaana. Baada ya miezi michache mgonjwa anarudi na kikohozi kilekile, na safari hii shimo zima limejaa uzao wa wale 100. Si nadharia tu. Jaribio la Waingereza la streptomisini lililochapishwa mwaka 1948 lilionyesha kwamba baada ya miezi 6 walikuwa wamekufa wagonjwa 4 kati ya 55 waliopewa dawa, dhidi ya 14 kati ya 52 waliopumzishwa kitandani tu. Ulikuwa ushindi mkubwa, ila haukudumu. Wengi wa waliotibiwa walipata vimelea sugu, na baada ya miaka 5 tofauti kati ya makundi hayo mawili ilikuwa karibu imefutika.

Ukitoa dawa mbili kwa pamoja, hesabu inabadilika. Bakteria anayeshinda isoniazidi atauawa na rifampisini, na anayeshinda rifampisini atauawa na isoniazidi. Wa kukuponyoka ni yule tu aliyepata makosa yote mawili, na uwezekano wake unapatikana kwa kuzidisha: milioni moja mara milioni 100, yaani mmoja katika trilioni 100. Hakuna pafu lenye bakteria wengi kiasi hicho.

Ila hesabu hii ina sharti: dawa zote mbili ziwe zinamfikia bakteria yuleyule kwa wakati uleule. Mgonjwa akimeza isoniazidi wiki hii na rifampisini wiki ijayo, hujazidisha chochote. Umempa dawa mojamoja kwa zamu. Ndiyo maana siku hizi dawa zote zimebanwa ndani ya kidonge kimoja cha mseto, ili asiweze kuchagua kinachompendeza. Ndiyo maana pia ni kosa kubwa kumwongezea mgonjwa dawa moja mpya pale matibabu yanapoonekana kushindwa. Kama zile za zamani hazifanyi kazi tena, ile mpya imeingia vitani peke yake.

Utauliza, basi si zingetosha mbili? Zingetosha kama bakteria wote wangekuwa katika hali moja. Hawako hivyo. Wengi wako ukutani mwa shimo penye hewa ya kutosha, wanagawanyika kwa kasi, na hao ndio chakula cha isoniazidi, ambayo huzuia utengenezaji wa ukuta wao wa nta na huua wengi mno katika siku mbili za kwanza. Wengine wamelala, wanaamka kwa muda mfupi kisha wanalala tena. Rifampisini huwawahi hao, kwa sababu hufunga kimeng'enya kinachonakili RNA mara tu bakteria anapojaribu kuamka. Kundi la tatu liko mahali penye asidi, ndani ya seli za ulinzi na katikati ya tishu zilizooza, na pirazinamidi ina nguvu hasa penye asidi. Ukiiacha pirazinamidi, mgonjwa atapata nafuu vilevile, lakini masalia hayo yatamrudishia ugonjwa usipoongeza muda wa tiba. Hilo lilipimwa hukuhuku kwetu. Katika majaribio yaliyofanyika Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, yakachapishwa mwaka 1972, wagonjwa walitibiwa miezi 6 kwa streptomisini na isoniazidi. Waliopata hizo mbili tu, ugonjwa uliwarudia kwa asilimia 29. Walioongezewa pirazinamidi ni asilimia 8, na walioongezewa rifampisini ni asilimia 3.

Ethambutoli ndiyo wanafunzi hushindwa kuielezea, kwa sababu haiui kwa nguvu kama wenzake. Kazi yake ni ulinzi. Chukua majibu ya makohozi ya mashine ya GeneXpert yaliyoandikwa `MTB DETECTED` na chini yake `RIF Resistance NOT DETECTED`. Mashine hiyo imekwambia kuhusu rifampisini tu. Kuhusu isoniazidi haijasema neno. Ikiwa mgonjwa aliambukizwa kimelea ambacho tayari ni sugu kwa isoniazidi, nawe hujui, rifampisini inabaki bila mwenzake wa kumlinda ipasavyo, kwa kuwa pirazinamidi ni mlinzi dhaifu. Ethambutoli inaziba pengo hilo katika miezi miwili ya kwanza, wakati vimelea ni wengi. Wakishapungua, dawa mbili zinatosha kumaliza miezi minne iliyobaki. Kwa hiyo RHZE miezi 2, kisha RH miezi 4. Herufi H ni ya isoniazidi. Imetoka kwenye jina lake la kikemia, haidrazidi, na Z ni pirazinamidi. Ukizoea herufi hizo utasoma kadi yoyote ya mgonjwa.

Sasa madhara. Unayabadilishana kwa sababu unayakariri kama orodha ya majina. Jiulize badala yake dawa inafanya nini mwilini mbali na kuua bakteria. Madhara mengi yatajitaja yenyewe.

Isoniazidi inaingilia vitamini B6, yaani piridoksini, ambayo neva zinaihitaji. Neva ndefu ndizo za kwanza kulalamika, kwa hiyo mgonjwa huanza na ganzi, kuchomachoma au kuwaka moto kwenye nyayo, huku miguu yote miwili ikiwa sawasawa. Walio hatarini zaidi ni wale ambao B6 yao ilikuwa ndogo tangu mwanzo au mahitaji yao ni makubwa: mjamzito, anayenyonyesha, mwenye utapiamlo, mnywaji wa pombe, mwenye kisukari, VVU au figo mbovu. Hao wape piridoksini miligramu 10 hadi 25 kila siku tangu siku ya kwanza. Ganzi ikishaanza, dozi hiyo ya kinga haitoshi; utahitaji miligramu 50 hadi 100. Na kama ukikutana na mtu aliyekunywa isoniazidi nyingi kwa makusudi akapata degedege lisilokoma, dawa yake ni hiyohiyo piridoksini, gramu kwa gramu na kiasi alichomeza.

Pirazinamidi hugeuzwa kuwa asidi, na asidi hiyo inazuia figo kutoa asidi ya yuriki. Yuriki inapanda, viungo vinauma: mabega, magoti, vidole. Kwa wengi, dawa ya maumivu kama aspirini au ibuprofeni inatosha na huna sababu ya kusimamisha chochote. Yuriki iliyopanda kwenye karatasi ya maabara bila maumivu haitaki tiba.

Ethambutoli inaharibu neva ya jicho. Mgonjwa hulalamika kwamba anaona ukungu, au rangi nyekundu na kijani hazitofautiani vizuri. Hatari inakua na dozi: kwa miligramu 15 kwa kila kilo ni nadra, kwa 25 na zaidi inaongezeka, na figo zikiwa mbovu dawa inajikusanya hata kwa dozi ya kawaida. Pima kabla hujaanza, ili baadaye uwe na cha kulinganisha. Kama huna kitabu cha kupimia rangi, chukua kizibo chekundu cha soda, mfunike jicho moja, muulize wekundu ukoje, kisha jicho la pili. Akisema upande mmoja kizibo kimepauka au kimekuwa cha kahawia, simamisha ethambutoli siku hiyohiyo na umpeleke kwa mtaalamu wa macho. Ikiwahiwa, uoni mara nyingi hurudi. Mtoto asiyeweza kukueleza anachokiona anahitaji umakini zaidi kwenye dozi.

Rifampisini ni rangi, na ni kichocheo cha vimeng'enya vya ini. Kwa rangi yake inatia machungwa kwenye mkojo, jasho na machozi. Haina dhara, ila ukikaa kimya mgonjwa atadhani anakojoa damu. Kuchochea vimeng'enya ndiko kwenye uzito. Ini linaanza kuvunja dawa nyingine haraka kuliko kawaida. Vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango vinapungua nguvu, kwa hiyo mshauri mama atumie kitanzi au sindano. Dolutegraviri inashuka kwenye damu, kwa hiyo mgonjwa wa VVU huongezewa miligramu 50 nyingine saa 12 baada ya kidonge chake cha kawaida, na anaendelea hivyo wiki 2 baada ya kumaliza rifampisini, maana uchochezi hauzimiki siku dawa inapokwisha.

Streptomisini umeiona vitabuni, na siku hizi hutaikuta sana: inaharibu sikio na mizani ya mwili, nayo hapewi mjamzito kwa sababu humfikia mtoto.

Limebaki ini, nalo ndilo linalowapotosha wengi, kwa sababu halina dawa moja ya kulaumu. Isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zote tatu zinaweza kuliumiza, na pirazinamidi ndiyo kali kuliko zote. Ethambutoli hailigusi. Ishike hiyo vizuri, maana itakusaidia kwenye mfano huu, ambao nimeutunga kwa ajili ya kufundishia.

Mvuvi wa dagaa wa Ujiji, miaka 38, kilo 46, anakunywa pombe ya kienyeji mara kwa mara. Ameanza RHZE. Kila kidonge kina rifampisini miligramu 150, isoniazidi 75, pirazinamidi 400 na ethambutoli 275. Kwa uzito wake anameza vitatu kwa siku, kwa hiyo anapata 450, 225, 1,200 na 825. Gawa kwa kilo 46: rifampisini karibu 10 kwa kila kilo, isoniazidi karibu 5, pirazinamidi 26, ethambutoli 18. Zote ziko ndani ya mipaka. Dozi haikukosewa, na fanya hesabu hiyo kila mara kabla ya kulaumu dawa.

Wiki ya nne anarudi. Siku nne hana hamu ya kula, anatapika, anasikia uzito chini ya mbavu za kulia. Anasema mkojo ni mweusi, lakini aliambiwa zahanati kwamba dawa hubadilisha rangi ya mkojo, kwa hiyo hakujali. Hapa ndipo maelezo ya nusunusu yanapoua. Mtoe nje kwenye mwanga wa jua, mvute kope la chini, utazame sehemu nyeupe ya jicho. Rifampisini kwa dozi ya kawaida hailifanyi jicho kuwa la njano. Ini lililoumia linalifanya hivyo. Kisha uliza saa. Mkojo wa rifampisini una machungwa yanayong'aa saa chache baada ya kumeza na hufifia kadiri muda unavyokwenda hadi dozi inayofuata. Mkojo wa ini ni kama chai ya rangi iliyokolea, asubuhi na jioni, umeze au usimeze.

Macho yake ni ya njano. Simamisha dawa zote nne leo, usisubiri maabara. ALT, kipimo cha damu kinachoonyesha ini limeumia kiasi gani, inarudi 312, wakati kikomo cha juu cha maabara hiyo ni 40, yaani karibu mara 8. Ukomo wa kusimamisha ni mara 3 ikiwa kuna dalili, mara 5 ikiwa hakuna. Dalili na manjano zilitosha. Pima malaria, homa ya ini B na C, pamoja na VVU, na uliza bila kumhukumu kuhusu pombe na mitishamba.

Kosa linalofanyika hapa ni la mtu mwenye nia njema. Anajua pirazinamidi ndiyo kali, anaona kwenye kabati kuna boksi la RH la awamu ya pili, anamhamishia mgonjwa hapo ili asikose dawa. Ameondoa mshukiwa mmoja na kuwaacha wawili wakiendelea kulipiga ini lililokwisha umia. Hepatitisi ya isoniazidi ikiendelezwa huku manjano yapo inaweza kuua. Kifua kikuu cha mgonjwa huyu kitavumilia wiki mbili au tatu bila dawa. Kama asingevumilia, kwa mfano angekuwa na kifua kikuu cha ubongo, ungempeleka hospitali apewe mchanganyiko usiogusa sana ini, kama ethambutoli na levofloksasini pamoja na sindano ya streptomisini.

Subiri ALT ishuke chini ya mara 2 ya kikomo. Kwake ni chini ya 80. Tuseme imefika 64 siku ya 16, na manjano yametoweka. Sasa unarudisha dawa mojamoja, na hapa kidonge cha mseto kinageuka kikwazo kwa sababu hakigawanyiki. Unahitaji vidonge vya dawa mojamoja, ambavyo zahanati nyingi hazivitunzi. Mpigie mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya mapema, wakati ALT bado inashuka, si siku ya kuanza.

Anza na rifampisini 450, kwa kuwa ndiyo nguzo ya tiba na si mshukiwa mkuu wa ini lililoumia hivi. Lakini rifampisini peke yake ni ile dawa moja tuliyoikataa mwanzoni. Baadhi ya miongozo inaruhusu kuianza peke yake kwa siku chache. Mimi naona hakuna sababu ya kuiacha bila mlinzi wakati ethambutoli ipo na haina ugomvi na ini. Kwa hiyo siku hiyohiyo mpe ethambutoli 800, yaani vidonge viwili vya 400. Baada ya siku 3 hadi 7 pima ALT. Ikitulia, ongeza isoniazidi pamoja na piridoksini, maana huyu ni mnywaji na mwembamba. Pima tena baada ya wiki. Ikipanda ghafla baada ya dawa fulani kuingia, umempata mhusika. Dawa hiyo hairudi.

Mvuvi wetu amevumilia rifampisini, kisha isoniazidi. Pirazinamidi usimjaribishe. Alipata manjano, na wawili wale wamethibitisha kwamba si wao, kwa hiyo kumrudishia ni kucheza na ini lake. Kuna gharama, nawe sasa unaijua: lile kundi la bakteria wa mahali penye asidi litabaki bila wa kuwamaliza haraka, na kazi hiyo itafanywa polepole na rifampisini. Ndiyo maana tiba yake haiwezi kuisha miezi 6. Atapata rifampisini, isoniazidi na ethambutoli kwa miezi 2, kisha rifampisini na isoniazidi kwa miezi 7, jumla 9. Tarehe mpya ya kumaliza iandike kwenye kadi yake kwa kalamu, maana mhudumu mwingine akiona tarehe ya zamani atamfungia matibabu miezi mitatu mapema.

Na siku unayomrudishia rifampisini, mwambie kabla hajatoka mlangoni kwamba mkojo utakuwa wa machungwa tena jioni hiyo. Asipoambiwa atadhani ini limerudi kule kule, na vidonge vitaishia ziwani. Mfundishe kutazama macho yake kwenye kioo, penye mwanga wa jua, kila asubuhi akirudi kutoka kuvua: meupe, anameza, ya njano, hamezi na anakuja siku hiyohiyo.